Bei ya Kilomita Moja ya Oili

Katika magaraji ya Bukavu, kazi ya kumwaga oili kuukuu ya injini na kutia mpya huitwa vidanji, na gharama yake hupimwa kwa kawaida kwa fedha inayotoka mfukoni siku ile ile, jambo linaloifanya oili ya bei nafuu ionekane daima kuwa ndiyo yenye faida. Kipimo kilicho sahihi zaidi ni bei ya kilomita: jumla ya gharama ya oili, filtri na kazi ya fundi, ikigawanywa kwa kilomita zilizotembewa hadi vidanji inayofuata. Kwa kipimo hiki oili sintetiki, yaani ile ambayo msingi wake umetengenezwa kiwandani kwa njia za kikemia badala ya kusafishwa tu kutoka mafuta ghafi, inaweza kuwa ghali dukani lakini nafuu barabarani, kwa kuwa hustahimili joto kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuwa nzito na kuacha utando. Hata hivyo hoja hiyo ina masharti, na masharti yenyewe ndiyo yanayosahauliwa.

Na ichukuliwe kwa mfano teksi ya Toyota Corolla yenye injini ya 1ZZ-FE, ambayo hubeba oili lita 3.7 pamoja na filtri, na bei ziwekwe kwa dola kwa ajili ya hesabu tu, kila msomaji akibadilisha kulingana na duka lake. Oili ya kawaida iwe dola 4 kwa lita, na mwenye gari anunue lita 4 kwa dola 16. Filtri iwe dola 4 na fundi alipwe dola 2, jumla dola 22. Akifanya vidanji kila kilomita 3,000, kila kilomita 1,000 zinamgharimu dola 7.33. Oili sintetiki iwe dola 11 kwa lita, filtri bora inayoweza kuvumilia safari ndefu iwe dola 8, na fundi apate dola 2 zile zile, jumla dola 54. Ikikaa kilomita 10,000, kila kilomita 1,000 zinagharimu dola 5.40. Njia hizo mbili zinalingana oili sintetiki inapokaa kilomita 7,360 hivi, na chini ya hapo mnunuzi wake anapata hasara.

Hadi hapo sintetiki imeshinda, lakini hesabu imechukulia kwamba oili iliyotiwa ndiyo itakayomwagwa, ilhali injini iliyochoka huila oili yake. Baadhi ya injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa tabia hiyo, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na huziba kwa masizi, ringi zikashindwa kukwangua oili ukutani mwa silinda, nayo ikaungua pamoja na esansi. Oili inayoungua haina habari na muda wa vidanji, kwani kila lita iliyopotea hurudishwa kwa bei ya dukani, iwe dola 4 au dola 11. Kwa bei za mfano huu, injini inayokula zaidi kidogo ya robo lita kwa kila kilomita 1,000 inatosha kufuta faida yote ya sintetiki, hata ikikaa kilomita 10,000 kamili; ikila nusu lita, oili ya kawaida inagharimu dola 9.33 na sintetiki dola 10.90. Ikumbukwe kwamba vitabu vya Toyota vya mwenye gari huruhusu hadi lita 1 kwa kilomita 1,000, kwa hiyo injini ambayo kitabu kinaiona nzima inaweza kuwa imeshapita mpaka wa robo lita na kidogo karibu mara nne.

Sharti la pili ni kilomita 10,000 zenyewe. Nchini Marekani, kwa magari yaliyoandikiwa oili sintetiki ya 0W-20, Toyota hutaja maili 10,000, ambazo ni kilomita 16,000 hivi, lakini hukata muda huo nusu, hadi kilomita 8,000 hivi, kwa gari linalopita barabara za vumbi au linalounguruma sana likiwa limesimama. Maneno hayo ni kama yameandikwa kwa ajili ya teksi inayopanda kutoka Nyawera kwenda Kadutu wakati wa msongamano. Gari linalokwenda wastani wa kilomita 15 kwa saa linafanya kazi saa 533 kabla ya kutimiza kilomita 8,000, ilhali lile linalokwenda kilomita 40 kwa saa huzitimiza kwa saa 200, na oili huchakaa kwa saa za kazi na uchafu zaidi kuliko kwa namba za dashibodi. Vumbi linalopenya kwenye filtri mbovu ya hewa husaga chuma vile vile katika oili ya dola 4 na ya dola 11, kwa kuwa usintetiki hukinga dhidi ya joto, si dhidi ya mchanga. Vidanji ikifanywa kila kilomita 8,000, sintetiki inagharimu dola 6.75 kwa kilomita 1,000, na hapo injini inayokula hata desilita moja tu tayari imeigeuza kuwa hasara.

Lakini desturi ya kilomita 3,000 nayo yafaa kuulizwa, maana ndiyo iliyoipandisha bei ya oili ya kawaida katika hesabu hii. Oili hiyo hiyo, ikiwa bidoni lake ni la kweli na lina unene unaoifaa injini, ikikaa kilomita 5,000 inagharimu dola 4.40 kwa kilomita 1,000, yaani chini ya sintetiki ya kilomita 10,000. Mzozo wa magaraji kati ya nafuu na ghali umeificha njia hii ya katikati, labda kwa sababu haimfurahishi muuzaji wa upande wowote.

Kurefusha muda kunahitaji ushahidi, na ushahidi wa bei ndogo kabisa ni tone. Injini ikiwa na joto, tone moja la oili kutoka kwenye kijiti cha kupimia huachwa usiku kucha juu ya karatasi nyeupe inayonyonya. Likisambaa kwa weusi unaofifia taratibu kuelekea nje, viongezi vinavyoshikilia masizi yasigandane bado vinafanya kazi. Likibaki duara jeusi zito lenye ukingo mkali, masizi yameanza kugandana na oili imwagwe, hata kama kilomita hazijatimia. Tone halionyeshi kila kitu, kwa mfano halitaji ni vumbi kiasi gani limeingia, wala halithibitishi kwamba bidoni lililoandikwa sintetiki lilikuwa na sintetiki. Oili bandia kwa muda mrefu ndiyo mchanganyiko mbaya kuliko yote: mwenye gari hulipa dola 54, kisha huiacha oili dhaifu kwa kilomita 8,000, hadi taa ya shinikizo la oili ianze kupepesa injini ikiwa moto na imesimama.

Kwa sababu hiyo jaribio la kwanza hufanywa kabla ya kununua chochote. Gari husimamishwa mahali tambarare, jambo lisilo rahisi katika mji wa vilima kama Bukavu, oili hujazwa hadi alama ya juu ya kijiti, na baada ya kilomita 1,000 hujazwa tena pale pale kwa chupa yenye vipimo. Ikiingia chini ya desilita moja, sintetiki ina nafasi ya kujitetea, hasa kwa gari la safari ndefu; ikiingia robo lita au zaidi, dola 32 za tofauti kati ya vidanji hizo mbili zitumike kwenye filtri ya hewa na ringi.