Kwa Nini Antena Hushika Stesheni Hizi na Kuziacha Zile

Fundi wa antena hukutana na lalamiko hili mara kwa mara: kundi moja la stesheni linaonekana safi kama kioo, kundi jingine halionekani kabisa, ingawa antena ni ile ile, waya ni ule ule na runinga ni ile ile. Mwenye nyumba hudhani stesheni zilizopotea hazijarushwa, au king'amuzi kimeharibika. Mara nyingi mtambo unarusha kama kawaida na king'amuzi ni kizima. Shida iko kwenye urefu wa fito za alumini zilizoko juu ya paa.

Tuanze na namna stesheni zinavyosafiri. Zama za analojia kila stesheni ilikuwa na masafa yake. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na Kenya ilipofuata mwaka 2015, stesheni husafiri kwa mafungu. Fungu moja hubeba stesheni kumi au zaidi ndani ya chaneli moja ya masafa yenye upana wa megahezi 8. Kila kampuni ya kurusha ina mafungu yake, na kila fungu lina masafa yake. Ndiyo maana stesheni hazipotei moja moja, hupotea kwa kundi. Ukiona habari, michezo na katuni zimekatika kwa pamoja huku nyingine zikiendelea vizuri, karibu daima umepoteza fungu zima.

Mafungu haya hurushwa kwenye masafa ya UHF, kati ya megahezi 470 na 694, yaliyogawanywa kuwa chaneli ya 21 hadi ya 48. Katikati ya chaneli ya 21 ni megahezi 474, na kila chaneli inayofuata huongeza 8, kwa hiyo katikati ya chaneli ya 48 ni megahezi 690. Ukigawanya 150 kwa megahezi unapata nusu ya urefu wa wimbi kwa mita. Megahezi 474 hukupa sentimita 32 hivi, na megahezi 690 hukupa sentimita 22 hivi. Ufito wa chuma hupokea vizuri zaidi wimbi ambalo nusu yake inakaribia urefu wa ufito wenyewe, kama ubao wa marimba unavyokuwa na sauti yake: mfupi hulia juu, mrefu hulia chini.

Antena iliyozoeleka zaidi mapaani ni ile yenye boriti moja ndefu na fito zilizopangwa sambamba. Iliasisiwa na Wajapani wawili, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, katika miaka ya 1920, na hadi leo huitwa yagi. Waya hufungwa kwenye ufito mmoja tu. Nyuma yake kuna ufito mrefu kidogo, au wavu, unaorudisha mawimbi mbele. Mbele yake kuna safu ya fito fupi zinazoyavuta mawimbi na kuyaelekeza kwenye ule uliofungwa waya. Nguvu ya yagi hutoka kwenye safu hiyo ya mbele, na udhaifu wake pia hutoka hapo hapo.

Fito za mbele hufanya kazi yake zikiwa fupi kuliko nusu ya wimbi linalopokelewa. Masafa yakipanda hadi nusu ya wimbi ikawa sawa na fito hizo au fupi kuliko zenyewe, zinaacha kuvuta na kuanza kuzuia, na uwezo wa antena huporomoka ghafla. Masafa yakishuka, fito zinakuwa fupi mno kwa wimbi, hazivuti kitu cha maana, na uwezo hupungua polepole. Masafa yakishuka zaidi, hata ufito wa nyuma unakuwa mfupi kuliko nusu ya wimbi, haurudishi tena, na antena inaweza kupokea vizuri zaidi kutoka nyuma kuliko mbele. Kwa hiyo yagi huwa na kilele chake karibu na mwisho wa juu wa masafa iliyokatiwa. Kabla ya kilele kuna mteremko mrefu, na baada yake kuna poromoko.

Sasa fikiria antena hizo zilikatiwa masafa gani. Zama za analojia televisheni ya UHF ilienea hadi megahezi 862. Baadaye sehemu ya juu, kuanzia 694, ikapewa simu za mkononi, na televisheni ikasukumwa chini. Antena zilizotengenezwa kabla ya hapo, na nyingi ambazo bado zinauzwa madukani kwa mtindo ule ule, zina kilele penye megahezi 750 au 800, ambako leo hakuna televisheni. Kilele hicho kinatumika kupokea minara ya simu. Fungu lililoko chaneli za juu, tuseme ya 46, liko karibu na kilele na linashika vizuri. Fungu lililoko chaneli ya 24 limeachwa chini kabisa ya mteremko.

Tuifuate hali hiyo kwa mfano. Nyumba iko Kibaha, antena inatazama Dar es Salaam. Mafungu mawili yanarushwa kwa nguvu sawa, moja chaneli ya 46, yaani megahezi 674, jingine chaneli ya 24, megahezi 498. Namba zinazofuata ni zangu za mfano, lakini ziko katika kiwango cha kawaida. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli: ongezeko la 3 ni mara mbili, ongezeko la 10 ni mara kumi. Tuseme king'amuzi kinahitaji mawimbi yaizidi kelele ya umeme kwa desibeli 18 ndipo kitoe picha. Kwa antena ya zamani, fungu la chaneli ya 46 linafika na 25, na la chaneli ya 24 linafika na 17.

Desibeli moja tu pungufu! Kwenye analojia tofauti ya desibeli nane ingeonekana kama chengachenga upande mmoja na picha safi upande mwingine, na mtu angevumilia kutazama. Kwenye dijitali hakuna kati. Juu ya 18 picha ni kamili, na 25 haitoi picha nzuri kuliko 20. Chini ya 18 picha inagawanyika vipande, inaganda, kisha inatoweka. Mtazamaji anaona fungu moja bora kabisa na jingine halipo, na hana njia ya kujua kwamba lililopotea lilikaribia sana kushika.

Hapo watu wengi hununua busta. Busta hukuza mawimbi, lakini hukuza pia kelele iliyoingia pamoja nayo, na huongeza kidogo ya kwake. Kama mawimbi yameshatoka kwenye antena yakiwa yameizidi kelele kwa 17, hakuna busta itakayoyafikisha 18. Kazi yake halali ni moja, kufidia kinachopotea kwenye waya mrefu au pale waya unapogawanywa kwa runinga kadhaa, na ikae juu karibu na antena kabla ya upotevu huo. Isitoshe, ile antena ya zamani inaimezesha busta mawimbi ya mnara wa simu kwa nguvu kubwa. Busta ikilemewa hutapika uchafu kwenye masafa yote, na hata fungu lililokuwa zima linaanza kukatika. Ukiichomoa busta na stesheni zikaongezeka, umepata jibu lako.

Dawa ya mfano wetu ni antena ya umbo la pembetatu, iitwayo logi-periodiki, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Fito zake zote zimeunganishwa na waya, ndefu nyuma na fupi mbele. Kila masafa huchagua fito mbili tatu zinazolingana nayo, na zilizobaki hunyamaza. Kwa sababu hiyo uwezo wake unakaribia kuwa tambarare kutoka 470 hadi 694. Kilele chake ni kifupi kuliko cha yagi ndefu, na muuza duka anaweza kukuambia kwa haki kwamba ina desibeli chache. Lakini tazama nyumba ya Kibaha baada ya kubadilisha: chaneli ya 46 inashuka kutoka 25 hadi 22, na chaneli ya 24 inapanda kutoka 17 hadi 23. Umetoa ziada isiyokuwa na faida upande mmoja ukalipa deni upande mwingine, na mafungu yote mawili yanashika. Naona hili ndilo jambo ambalo matangazo ya antena hulificha kwa kuandika namba moja kubwa ya desibeli kwenye boksi: namba hiyo ni ya kilele, na hawakuambii kilele kiko wapi.

Unaweza kukitafuta mwenyewe kwa futi kamba. Pima fito za mbele za yagi yako, zile nyoofu za kawaida. Zikiwa na sentimita 15 hivi, antena ilikatiwa masafa hadi 862. Zikikaribia 19, ilikatiwa hadi 694, na hiyo ni yagi nzuri kwa nyumba ya mbali. Zikiwa na sentimita 60 au 70, una antena ya VHF ya zamani, ambayo ilikuwa ya masafa ya megahezi 174 hadi 230 na haina kazi kwa mafungu ya UHF.

Kabla ya kununua chochote, fungua `Manual Search` kwenye king'amuzi, ingiza chaneli ya fungu linalosumbua na usome mistari miwili. `Signal Strength` huonyesha nguvu yote inayoingia, hata ya uchafu. `Signal Quality` ndiyo ya kuamini. Nguvu kubwa na ubora mdogo ni dalili ya busta iliyolemewa au ya mawimbi yanayoakisiwa.

Maakisi nayo huchagua masafa, na watu huyachanganya na kosa la antena. Wimbi moja linakuja moja kwa moja, jingine linagonga bati la paa kwanza na kufika limechelewa. Kwenye masafa fulani mawili hayo yanafutana, na kwenye mengine yanasaidiana. Namna ya kutofautisha ni kuisogeza antena sentimita 20 au 30 juu, chini na pembeni, huku mtu mwingine akisoma `Signal Quality`. Ubora wa fungu bovu ukipanda na kushuka sana kwa kila hatua, tatizo ni maakisi, na mlingoti uliopandishwa mita moja au mbili juu ya bati hutosha mara nyingi. Ubora ukibaki chini popote unapoiweka, na chaneli mbovu zote ziko upande mmoja wa masafa, tatizo ni antena. Lakini kama mafungu mawili yana chaneli zinazokaribiana, moja zima na jingine bovu, usibadilishe antena bado: huenda yanatoka kwenye minara miwili iliyo pande tofauti. Zungusha antena taratibu kwanza, kwa sababu yagi ndefu hutazama pembe nyembamba, na mnara ulio pembeni kwa nyuzi 40 unaweza kuwa nje ya macho yake kabisa.