Taarifa ya Saa 1:25 Asubuhi

Tuchukue wodi ya wagonjwa wa ndani yenye vitanda 24, katika hospitali ya binafsi jijini Dar es Salaam. Zamu ya asubuhi inaanza saa 1:30, na ratiba imepanga wauguzi watatu. Saa 1:25 ujumbe unaingia kwenye simu ya inchaji: “Shikamoo dada. Leo sitaweza kuja, naumwa.”

Inchaji hawezi kumlaumu mtu kwa kuumwa. Lakini muuguzi aliyeingia tangu saa 2:00 usiku sasa haondoki. Ripoti ya kupokezana zamu, ile ya kwenda kitanda kwa kitanda, inasimama kwa sababu wapokeaji ni wawili badala ya watatu. Dawa za asubuhi zinatakiwa kutolewa, kuna drip mbili za kubadilisha, na kuna mgonjwa wa kuandaliwa kwenda chumba cha upasuaji. Mtu aliyekesha zaidi ya saa 11 ndiye anayebakizwa kusaidia, na mtu aliyechoka kiasi hicho hafai kupima dozi ya insulini. Hapo ndipo ubaya wa taarifa iliyochelewa ulipo. Mzigo wake haubebwi na mkubwa ofisini, unabebwa na mwenzake wa zamu iliyopita na mgonjwa aliye kitandani.

Inchaji amekwisha kuandika ukumbusho mara moja. Ulikuwa mpole na ulisomwa na wote, kisha hali ikarudi ileile. Sasa anatakiwa aandike wa pili, wenye uzito kuliko wa kwanza, bila kuvunja heshima aliyoijenga. Wasimamizi wengi hukosea hapa, kwa sababu ukali huwatoka kabla ya mpangilio.

Jambo la kwanza si kushika kalamu, ni kufungua daftari. Wodi inayotaka kulimaliza tatizo hili huwa na daftari la taarifa za kutofika: tarehe, zamu ilianza saa ngapi, taarifa ilifika saa ngapi, nani aliipokea, nani aliitwa kuziba pengo. Tuseme daftari la wodi yetu linaonyesha kwamba tangu ukumbusho wa kwanza kumekuwa na taarifa 9 za kutofika, na 6 kati yake zilifika ikiwa imebaki chini ya nusu saa zamu ianze. Sasa tazama hizo 6 ni za nani. Zikiwa za watu wawili, waraka kwa wote si dawa ya kwanza. Hao wawili waitwe kando, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Waraka unaosema “baadhi yenu” huwaumiza wale wanaotoa taarifa mapema, na wale wawili huusoma wakidhani anasemwa mwingine. Zikiwa za watu sita tofauti, utaratibu wenyewe una kasoro, na waraka unafaa.

Kasoro hiyo mara nyingi iko upande wa msimamizi. Waulize wauguzi kwa utulivu kwa nini hawakupiga simu usiku, utasikia majibu ya kweli. Mmoja alianza kuharisha saa 4:00 usiku akajipa matumaini kwamba kukicha atakuwa sawa. Mwingine alipiga, simu ya inchaji ikawa imezimwa. Wa tatu alimtumia ujumbe rafiki yake wa zamu ya usiku, “naomba unifikishie,” na rafiki akasahau katikati ya shughuli. Wa nne anakiri kwamba anaogopa kufokewa, kwa hiyo huchelewesha ili asipate muda wa kusikia maneno. Ukumbusho mkali usiogusa sababu hizi utaongeza woga, na woga ndio uliomfanya huyo wa nne achelewe.

Baada ya hapo ndipo ichaguliwe saa ya mwisho ya kutoa taarifa, na saa hiyo itoke kwenye kazi yenyewe. Hesabu inaanzia kwa yule atakayeitwa. Ni siku yake ya mapumziko, amelala. Ataamshwa, aoge, awaache watoto na mtu, asimame kituoni kusubiri daladala kutoka Mbagala au Gongo la Mboto na apambane na foleni ya asubuhi. Saa mbili ndizo za chini kabisa. Kwa zamu ya saa 1:30 asubuhi, basi, taarifa ifike kabla ya saa 11:30 alfajiri. Kwa zamu ya saa 8:00 mchana, kabla ya saa 6:00. Kwa zamu ya saa 2:00 usiku, kabla ya saa 12:00 jioni. Saa ikielezwa hivi, mtumishi anaona kwamba imetokana na safari ya mwenzake. Ukiandika tu “toeni taarifa mapema”, kila mtu ataitafsiri mapema kwa saa yake.

Kuna pia mipaka ya sheria ambayo inchaji anapaswa kuijua kabla hajatishia chochote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari aliyesajiliwa. Haki hiyo haifutwi na waraka wa wodi. Vilevile sheria hiyo inazuia kumkata mtu mshahara isipokuwa kwa njia ilizoziruhusu. Kwa hiyo ile kauli tunayoisikia sana, “atakayechelewa kutoa taarifa atakatwa elfu kumi,” haina mguu wa kusimamia, na siku mtumishi atakapoipinga msimamizi ndiye atakayejieleza. Na kumfukuza mtu si mamlaka ya inchaji. Kunahitaji sababu halali na utaratibu wa haki. Anachoweza inchaji ni kuzungumza, kuandika kumbukumbu, kumtaka mtu ajieleze kwa maandishi, na kulipeleka suala ofisi ya rasilimali watu. Aahidi hayo tu, kisha ayatimize.

Waraka wenyewe unaweza kusomeka hivi:

“YAH: UKUMBUSHO WA PILI KUHUSU TAARIFA ZA KUTOFIKA KAZINI

Ndugu wauguzi wenzangu, tafadhali rejeeni waraka wangu wa mwezi uliopita kuhusu kichwa cha habari hapo juu. Nawashukuru wote mliouzingatia.

Tangu waraka ule, wodi yetu imepokea taarifa 9 za kutofika. Taarifa 6 zilifika zikiwa zimebaki dakika chini ya 30 zamu ianze. Katika siku hizo sita, mwenzetu wa zamu iliyotangulia alilazimika kubaki kazini, na mara mbili dawa za asubuhi zilichelewa. Hali hii haiwezi kuendelea.

Kuanzia Jumatatu ijayo, kila muuguzi asiyeweza kufika anatakiwa kupiga simu si chini ya saa mbili kabla ya zamu yake. Simu ipigwe kwangu, na nisipopatikana, kwa msaidizi wangu. Namba zote mbili zimebandikwa ofisini na zitakuwa wazi usiku na mchana. Ujumbe wa maandishi, au salamu kupitia kwa mwenzako, haitahesabiwa kuwa taarifa mpaka ujibiwe na mmoja wetu. Aliyeanza kujisikia vibaya jioni asisubiri kukuche. Ni nafuu kwetu atuambie kisha aje, kuliko asituambie kisha asije.

Anayepatwa na dharura ya ghafla, kama ajali au mtoto kuzidiwa, atoe taarifa mara atakapoweza, au ndugu yake apige kwa niaba yake. Hilo halitahesabiwa kuwa kosa. Huna haja ya kueleza ugonjwa wako kwenye simu wala kwenye kundi la WhatsApp. Cheti cha daktari kikabidhiwe ofisini.

Atakayechelewa kutoa taarifa bila sababu ya msingi tutazungumza naye faragha na kuweka kumbukumbu. Ikijirudia, atatakiwa kujieleza kwa maandishi. Ikiendelea, suala litapelekwa ofisi ya rasilimali watu kwa hatua za kinidhamu.

Mwenye ugumu wowote katika utaratibu huu aje tuzungumze kabla ya Jumatatu.”

Waraka huo haumtukani mtu, na haukuwekewa asali. Umeanza kwa kuwashukuru waliotii, lakini shukrani imekuwa sentensi moja tu. Ingekuwa aya nzima, msomaji angefika kwenye agizo akiwa ameshaamini kwamba mambo si mabaya. “Mnaombwa” ya waraka wa kwanza imeondoka, mahali pake pamesimama “anatakiwa”, na karibu yake kuna namba mbili za simu ambazo msimamizi naye amejifunga kuzipokea. Bila namba hizo agizo lingekuwa la upande mmoja.

Ile sentensi ya kutotaja ugonjwa ina sababu. Taarifa za afya ya mtu ni nyeti, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitambua hivyo. Lakini hata pasingekuwa na sheria, muuguzi aliyeharibikiwa na mimba hapaswi kuandika habari zake mbele ya wenzake 20 ili apate ruhusa. Nimeona mahali pa kazi ambapo watu walinyamaza mpaka dakika ya mwisho kwa sababu hiyo hasa: walikuwa wanatafuta uongo wa kuandika kwenye kundi.

Waraka usitumwe usiku wa manane wala dakika chache baada ya tukio, wakati hasira bado ina moto na kila mtu anajua unamlenga nani. Usomwe kwenye kikao cha wodi, kisha ubandikwe, na nakala iende kwa muuguzi mkuu ili hatua za baadaye zisionekane kuwa chuki ya mtu mmoja.

Kisha unakuja mtihani wenyewe, nao ni wa msimamizi. Wiki ya kwanza, simu italia saa 10:40 alfajiri. Akipokea kwa kuguna, au akianza kuhoji, “unaumwa nini tena wewe?”, waraka umekufa siku hiyo hiyo, kwa sababu habari zitafika wodini kabla yake. Jibu linalofaa ni fupi: “Pole sana. Nimepokea, saa 10:40. Unadhani utarudi lini? Nenda hospitali, ukipata cheti unijulishe.” Anaandika kwenye daftari, anampigia wa akiba. Na siku yule aliyezoea kuchelewa atakapotuma tena ujumbe wa saa 1:25, aitwe faragha siku atakayorudi kazini, kabla hajashika zamu, hata kama ndiye muuguzi hodari kuliko wote. Akiachwa yeye, wale wengine watakuwa wanatazama.

Mwisho wa mwezi daftari lifunguliwe tena. Taarifa za kutofika huenda zikawa zilezile 9, maana watu wataendelea kuugua. Safu ya kuangalia ni ile ya saa ilipofika taarifa, na ile ya nani aliziba pengo. Jina la mtu mmoja likijirudia kwenye safu hii ya pili, huyo anastahili siku zake za mapumziko zirudishwe kwenye ratiba ya mwezi unaofuata.