Mgongo wa Giroud

Ufaransa ilipoanza Kombe la Dunia la 2018 dhidi ya Australia, tarehe 16 Juni mjini Kazan, Didier Deschamps hakumpanga mshambuliaji mrefu wa kati. Mbele aliwaweka Griezmann, Mbappé na Ousmane Dembélé, vijana watatu wenye mbio na chenga. Ilikuwa safu ya kutisha kwenye karatasi. Uwanjani mpira ulikuwa haukai mbele: ukipelekwa kwao, mabeki wa Australia wanaukuta wote watatu wakiwa wamesimama wakiusubiri miguuni, na wanaurudisha. Hadi dakika ya 70 matokeo yalikuwa 1-1, na mabao yote mawili yalikuwa ya penalti.

Hapo ndipo alipoingia Olivier Giroud. Dakika ya 81 Paul Pogba akapanda na mpira, akampa Giroud aliyekuwa karibu na eneo la hatari, naye akamrudishia palepale katika njia aliyokuwa anakimbilia. Pogba akawahi kuugusa beki Aziz Behich akijaribu kumzuia, mpira ukapaa juu ya kipa, ukagonga mwamba na kuangukia ndani ya mstari. Bao likaandikwa la kujifunga, na Ufaransa ikashinda 2-1. Kuanzia mechi iliyofuata Giroud alianza katika kila mchezo mpaka fainali.

Alicheza dakika 546 katika mashindano hayo bila shuti lake hata moja kulenga lango, na akarudi nyumbani na kombe. Wengi waliichukua takwimu hiyo kama fedheha. Mimi naiona kama mwaliko wa kumtazama mshambuliaji pale ambapo kamera haikai muda mrefu: anapolipa lango mgongo, beki amemganda nyuma, na mpira uko njiani.

Kazi yenyewe huanza kabla mpira haujafika. Mshambuliaji wa kukaa na mpira hutupa jicho nyuma ya bega mara moja au mbili, ajue beki yuko upande gani na mwenzake yupi yuko huru. Kisha hutanua miguu, hukunja magoti na kushusha kiuno, maana beki humyumbisha kwa urahisi mtu aliyesimama wima, hata awe mrefu namna gani. Hasimami mgongo mtupu bali kiubavu ubavu, ili umbali kati ya beki na mpira uwe upana wa mwili wake mzima. Mpira huupokea kwa mguu ulio mbali na beki. Mkono wa karibu huinuka kidogo ili asikie beki anahamia wapi, lakini hausukumi.

Sheria inamruhusu kujiweka kati ya mpinzani na mpira, mradi mpira uwe karibu kiasi cha kuuchezea na asimzuie mpinzani kwa mikono wala kwa mwili. Akinyoosha mkono akamshika beki, ni faulo dhidi yake. Beki naye akimsukuma mgongoni, faulo inakwenda upande wa mshambuliaji. Ndiyo maana timu iliyozidiwa hupenda mshambuliaji wa aina hii: anaponyakua faulo katikati ya uwanja, wenzake wanapata nafasi ya kupanda na kuvuta pumzi.

Kosa linaloonekana sana ni kumwegemea beki kama mtu anavyoegemea ukuta. Beki mjanja huliona hilo, hurudi hatua moja mpira unapokaribia, na mshambuliaji hujikuta anapepesuka kinyumenyume huku mpira ukimpita. Giroud alikuwa na dawa yake: beki alipokuwa anasubiri kugongana, yeye alipiga hatua kuufuata mpira. Hatua hiyo moja ilimpa nafasi ya kugusa kabla ya kubanwa.

Hata hivyo, nguvu zote hizo huenda bure asipopata watu. Hakuna binadamu anayeweza kumzuia beki wa kati mgongoni kwa sekunde nyingi. Sekunde mbili au tatu, kisha beki wa pili anakuja kwa mbele na mpira umepotea. Katika sekunde hizo anahitaji wenzake wa aina mbili, na tofauti yao ndiyo siri ya mchezo wenyewe.

Wa kwanza ni mtu wa chini yake, anayelitazama lango. Yeye ndiye anayetengewa mpira. Akisimama nyuma kabisa ya mpinzani, pasi haifiki. Akisimama mita thelathini mbali, mpira hunaswa njiani. Umbali mzuri ni hatua kama kumi, kwa pembeni kidogo, mahali ambapo mshambuliaji anamwona bila kugeuza kichwa. Katika Ufaransa ile kazi hiyo ilikuwa ya Griezmann, na mipira iliyodondoka baada ya kugombewa hewani ilikuwa chakula cha Kanté na Pogba.

Wa pili ni mkimbiaji. Huyu haji kuomba mpira miguuni. Anakwenda nyuma ya mabeki. Beki wa kati anapomfuata Giroud, anaacha shimo alikotoka, na shimo hilo ndilo Mbappé alilokuwa akilikimbilia. Wakati wa kuanza mbio ndio mgumu. Akiondoka mapema anaotea, au anasimama kusubiri na beki anamwahi. Akichelewa, shimo limezibwa. Mkimbiaji mzuri huondoka mpira ukiwa bado unasafiri kwenda kwa mshambuliaji, akiamini kwamba utakaa.

Tazama bao la nne la Ufaransa dhidi ya Argentina, tarehe 30 Juni, dakika ya 68. Shambulizi lilianzia kwa kipa Lloris, likapita kati ya uwanja hadi kwa Griezmann, kisha kwa Matuidi upande wa kushoto. Matuidi akampenyezea Giroud. Hakuutuliza. Kwa mguso mmoja akausogeza kulia, ambako Mbappé alikuwa tayari yuko kwenye mwendo, naye akapiga bila kuusimamisha. Mabeki walikuwa wamevutwa katikati na mtu mmoja, na hawakuwa na muda wa kurudi. Laiti Mbappé angekuwa amesimama anasubiri, mguso ule ule ungekuwa pasi iliyopotea.

Kwa hiyo unapomwona mshambuliaji wa namna hii anapoteza mipira, usimtazame yeye peke yake. Mpira unapomfika kifuani, hesabu wenzake walio ndani ya hatua kumi, kisha tafuta aliye kwenye mbio kuelekea lango. Mara nyingi utakuta viungo wamebaki nyuma wakitazama mpira mrefu ulivyoruka, au mawinga wote wawili wamekuja kuomba miguuni. Kubadilisha mshambuliaji hakutibu hilo.

Huwa nakumbuka nusu fainali na Ubelgiji, tarehe 10 Julai, Saint Petersburg. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu, hakuna bao. Matuidi alimpa Giroud mpira ndani ya eneo la hatari, Vincent Kompany akiwa amembana. Giroud akageuka, akapiga, Kompany akauzuia kwa mguu na ukatoka nje. Kona. Griezmann akaipiga, Samuel Umtiti akaruka karibu na mlingoti wa kwanza na kuitia kwa kichwa, dakika ya 51. Ndilo bao pekee la mechi hiyo, na ndilo lililoipeleka Ufaransa fainali. Shuti la Giroud, kwa kuwa lilizuiwa na beki, halikuhesabiwa kuwa limelenga lango.