Barua ya Kubadilika kwa Mwalimu wa Darasa Katikati ya Mwaka

Katika shule za msingi za Tanzania, mwalimu wa darasa hubadilika katikati ya mwaka kwa sababu za kawaida kabisa: uhamisho, masomo, ugonjwa, kustaafu, au likizo ya uzazi. Mabadiliko hayo huwa mazito zaidi darasa la kwanza na la pili, ambako mara nyingi mwalimu mmoja hushinda na watoto kutwa nzima akiwafundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Ndiyo maana wazazi huandikiwa barua.

Barua hiyo husainiwa na mwalimu mkuu, si mwalimu anayeondoka, kwa kuwa ni shule inayobeba dhamana ya darasa. Sababu huelezwa kwa maneno machache. Likizo ya uzazi inaweza kutajwa iwapo mwenyewe ameridhia. Ugonjwa au shauri la nidhamu halina nafasi humo. Kinachotakiwa kuandikwa bila kufichaficha ni tarehe. Barua inayosema mwalimu ataondoka "hivi karibuni" humwacha mzazi akiokota habari getini, na habari za getini hazikosi chumvi.

Mfano ni wa mwalimu wa darasa la pili anayeanza likizo ya uzazi Jumatatu, Agosti 18. Sheria ya Tanzania inampa siku 84 za likizo yenye malipo (100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja), na siku hizo huhesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo likizo inaisha Novemba 9, naye anarudi kesho yake. Kiini cha barua kinaweza kusomeka hivi:

"Ndugu mzazi/mlezi, mwalimu wa darasa la pili B ataanza likizo ya uzazi Agosti 18. Mwalimu atakayempokea ataingia darasani kuanzia Agosti 4, na wote wawili watafundisha pamoja hadi Agosti 15. Wazazi wanakaribishwa kuonana nao Alhamisi, Agosti 14, saa 8 mchana."

Wiki hizo mbili si kumi kamili za siku za kazi, maana Nane Nane inaangukia Ijumaa ya kwanza. Zinabaki siku tisa. Katika siku nne za mwanzo mwalimu mpya hukaa nyuma, akijifunza majina na kusahihisha madaftari. Wiki inayofuata hushika chaki yeye, na mwenzake huhamia nyuma.

Makaratasi hukabidhiwa upesi: daftari la mahudhurio, azimio la kazi, kumbukumbu za alama, vitabu vya kiada na funguo za kabati. Vyote huorodheshwa kwenye hati ya makabidhiano, ikasainiwa na walimu wote wawili mbele ya mwalimu mkuu. Kazi ngumu ni kukabidhi yasiyoandikwa popote. Azimio la kazi litaonyesha kwamba darasa limefika kwenye silabi kama "mba" na "ndwa", lakini halitasema kwamba watoto sita bado wanakwama kwenye "ba". Wala halitasema nani haoni ubao akikaa nyuma, au nani hubeba dawa ya pumu begini. Mwalimu anayeondoka anapaswa kuandika mstari mmoja au miwili kwa kila mtoto. Barua iwaambie wazazi hivyo, na iwe na kipande cha kukata chini, mzazi aongeze anachotaka kijulikane.

Dalili ya makabidhiano mabovu huonekana kwenye daftari la mtoto. Mtoto aliyekuwa akisoma aya anapoanza kurudishiwa irabu, au kazi za wiki mbili zikikaa bila kusahihishwa, mwalimu mpya hajajua darasa liliishia wapi. Mzazi aende na daftari hilo shuleni. Ni ushahidi ulio wazi kuliko lalamiko lolote.

Mambo mawili husahaulika mno. La kwanza ni fedha: michango ya chakula au ya karatasi za majaribio iliyopita mikononi mwa mwalimu anayeondoka itajwe kwenye hati, pamoja na nani amelipa na risiti zake, la sivyo mzazi atadaiwa mara mbili. La pili ni kundi la WhatsApp la wazazi. Mwalimu mpya afanywe msimamizi kabla ya Agosti 18, na wazazi wapewe namba yake, ili mama mwenye kichanga asiulizwe usiku kuhusu kazi ya nyumbani.

Barua iseme pia kitakachotokea Novemba 10. Wakati huo muhula unakuwa umebakiza wiki chache tu, na watoto wanakaribia upimaji wa mwisho wa mwaka. Shule inaweza kumwacha mwalimu aliyepokea amalize mwaka, huku mwenzake akisaidia wanaosuasua kusoma, au ikamrudishia mwenyewe darasa lake baada ya makabidhiano mengine, safari hii mafupi. Uamuzi wowote unafaa mradi umeandikwa tangu Agosti.