Kijiko cha Uwatu na Safari ya Nyongo

Septemba 2025, kundi la majarida ya tiba la BMJ la Uingereza liliufuta utafiti ambao tangu Machi 2024 ulikuwa umewafanya watu wengi wakimbilie chupa za siki ya tufaha. Utafiti huo ulifanyika Lebanoni kwa vijana 120 wenye uzito uliozidi, nao ulidai kwamba kijiko kimoja cha siki kila asubuhi, kwa wiki 12, hupunguza uzito na kushusha lehemu. Wataalamu wa takwimu walipozirudia hesabu hawakuyapata matokeo yale, na data zenyewe ziliwatia shaka. Tafiti zilizosalia ni ndogo, na hazionyeshi kwa uhakika kwamba siki inashusha LDL, ile lehemu inayoziba mishipa.

Maji ya limau, ambayo nayo husifiwa kwa kushusha lehemu, hayatanichelewesha. Asidi yake huishia kwenye mmeng'enyo bila kuigusa lehemu iliyomo kwenye damu. Sehemu ya limau yenye uwezo fulani ni pektini, nayo imo kwenye ganda na nyama nyeupe iliyo chini yake, tunavyovitupa baada ya kukamua.

Uwatu ni habari nyingine. Karibu nusu ya punje yake ni ufumwele, na sehemu kubwa ya huo, ikikutana na maji, hugeuka kitu kizito chenye kuteleza. Vitabu vya lishe hukiita ufumwele mumunyifu. Mimi nitakiita ute, kwa sababu kila aliyewahi kukoroga uwatu wa mzazi, au kupika mlenda, anaujua kwa vidole vyake, na kazi yote hufanywa na ule utelezi.

Ute huo hauiwindi lehemu. Unaikamata nyongo. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na lehemu, kisha nyongo humwagika kwenye utumbo mwembamba kila tunapokula ili kusaidia kumeng'enya mafuta. Fikiria kiwanda cha soda kinachotumia chupa za kioo: lehemu ndiyo kioo, asidi ya nyongo ndiyo chupa. Chupa zikishatumika hazitupwi. Mwishoni mwa utumbo mwembamba zinakusanywa na kurudishwa kiwandani, na katika kila 100 zinarudi kama 95. Chupa zilezile huzunguka mara kadhaa kwa siku, ndiyo maana kiwanda hakihitaji kioo kipya kingi. Sasa ute wa uwatu unaingia njiani na kuzishikilia baadhi ya chupa tupu, zinatoka na choo. Kiwanda kinapungukiwa. Kinaongeza milango ya kupokelea kioo, yaani vipokezi vya LDL kwenye chembe za ini, na kuivuta lehemu kutoka kwenye damu. Vipokezi hivyo ndivyo vilivyowapa Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobeli mwaka 1985. Lakini kiwanda hiki kina pia tanuri lake la kuyeyushia kioo, yaani ini hujitengenezea lehemu, na kikipungukiwa hulichochea. Ndiyo sababu uwatu peke yake haufiki mbali. Dawa za jamii ya statini hulipunguzia moto tanuri lenyewe.

Njia hii ya nyongo si ya kubahatisha: dawa ya kolestiramini hufanya kazi kwa kuikamata nyongo vivyo hivyo. Kuhusu uwatu wenyewe, watafiti wa Hyderabadi, India, waliripoti mwaka 1990 kwamba wagonjwa wa kisukari waliokula unga wake uliotolewa mafuta lehemu yao ilishuka ndani ya siku 10. Ila walikula gramu 100 kwa siku, kiasi ambacho hakuna mtu anayekiweza jikoni.

Tupige hesabu ya jikoni basi. Kijiko kikubwa cha uwatu ni kama gramu 10, chenye ute wa gramu 2 hadi 3. Kwa makadirio ya tafiti za ufumwele wa aina hii kwa jumla, mtu mwenye LDL ya milimoli 4.5 kwa lita anaweza kushuka hadi kama 4.3. Atorvastatini ya miligramu 20 ingemfikisha karibu 2.6.

Anayetaka hiyo 0.2 asile kwa namna ya kuipoteza. Wengi huloweka uwatu usiku, hunywa maji asubuhi na kutupa punje, ilhali ute mwingi umebaki ndani ya punje. Punje isagwe au ilowekwe ilainike, kisha iliwe yote, tena pamoja na chakula, kwa kuwa nyongo humwagika wakati wa kula. Vidonge vya dawa vinywewe saa mbili mbali na ute. Mjamzito, anayetumia warfarini, na anayetumia dawa za kisukari wamuulize daktari kwanza. Kipimo cha lehemu kirudiwe baada ya wiki nane, kwenye maabara ileile. Tofauti ya 0.2 ni ndogo kiasi kwamba inaweza kutokea kati ya vipimo viwili hata kwa mtu ambaye hakubadilisha chochote, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi kuupa uwatu sifa.