Kreatinini: Kwa nini kipimo 'cha kawaida' huenda kikaficha figo zilizodhoofika

Mtu anaweza kupoteza nusu ya uwezo wa figo zake ilhali karatasi ya maabara ingali inaonyesha kuwa hana tatizo. Chanzo cha utata huo ni jinsi kreatinini inavyozalishwa na kutolewa mwilini.

Kreatinini ni taka itokanayo na misuli, nayo huzalishwa kwa kiasi kinachokaribia kuwa kilekile kila siku. Kazi ya kuiondoa ni ya figo, ambazo kila moja ina takriban vichujio vidogo milioni moja viitwavyo glomeruli. Kiasi cha majimaji ya damu kinachochujwa humo kwa dakika ndicho kasi ya uchujaji. Kwa kijana mwenye afya, kasi hiyo hukaribia mililita 100 hadi 120.

Uchujaji ukipungua kwa nusu, misuli haipunguzi uzalishaji. Kreatinini hurundikana katika damu mpaka ifikie maradufu. Hapo kila mililita inayochujwa hubeba mzigo mara mbili, na kiasi kinachotoka katika mkojo hurudi kuwa kama zamani. Mwili umepata mizani mpya, lakini kwa figo zilizodhoofika.

Hesabu ya mgonjwa mmoja

Tuchukue mfano wa mwanamke wa umri wa miaka 45, mwembamba, mkazi wa mtaa wa Mutanga Sud mjini Bujumbura. Miaka miwili iliyopita kreatinini yake ilikuwa miligramu 5 kwa lita. Leo ni 10. Kwa kuwa maabara nyingi huhesabu hadi takriban 11 kuwa kawaida kwa mwanamke, majibu yote mawili yanaonekana salama.

Daktari anaagiza mkojo wa saa 24. Unapatikana ujazo wa mililita 1,440, yaani mililita 1 kwa dakika, wenye kreatinini miligramu 500 kwa lita. Usafishaji wa kreatinini hupatikana kwa kuzidisha kreatinini ya mkojo kwa ujazo wa mkojo wa dakika moja, kisha kugawanya kwa kreatinini ya damu:

500 × 1 ÷ 10 = 50

Iwapo mkojo wake ulikuwa hivyohivyo miaka miwili iliyopita, jibu lilikuwa 500 × 1 ÷ 5 = 100. Basi nusu ya uchujaji imepotea. Hata hiyo 50 huenda imezidi ukweli kidogo, kwa sababu mirija ya figo nayo humwaga kreatinini kiasi katika mkojo bila kupitia vichujio.

Kosa la kawaida hutokea katika kukusanya mkojo. Mkojo wa kwanza wa asubuhi humwagwa, kisha wote unaofuata huhifadhiwa, pamoja na ule wa asubuhi ya pili. Sehemu ikipotea, figo huonekana dhaifu kuliko zilivyo. Dalili ya kosa hilo ni jumla ya kreatinini ya siku kuwa ndogo mno kwa mwili wa mhusika. Jumla ya mwanamke huyu, miligramu 720, inalingana na wembamba wake.

Kizidishi kilichozua mjadala

Kwa kuwa ukusanyaji huo ni mgumu, maabara nyingi hukadiria kasi kwa kutumia kreatinini ya damu, umri na jinsia. Mlinganyo uliotungwa Marekani mwaka 1999 uliongeza matokeo ya watu weusi kwa takriban asilimia 21. Lakini utafiti uliofanywa Kinshasa na Abidjan na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa nyongeza ya aina hiyo haikuwafaa Waafrika waliopimwa. Ilizifanya figo zao zionekane bora kuliko zilivyo. Mwaka 2021, mlinganyo mpya usiozingatia rangi ulipendekezwa nchini Marekani.

Kupanda ghafla au polepole

Kreatinini ikipanda kwa miligramu 3 kwa lita ndani ya saa 48, au kwa nusu ya kiwango cha awali ndani ya siku saba, huashiria jeraha la ghafla la figo. Huenda mgonjwa amepungukiwa maji kwa kuhara, ana malaria kali, ametumia dawa za maumivu kama diklofenaki, au njia ya mkojo imeziba. Katika siku hizo hesabu ya usafishaji haiaminiki, kwani kreatinini huchelewa: figo zinaweza kusimama leo na kipimo kikaendelea kupanda kwa siku kadhaa.

Uchujaji ukibaki chini kwa zaidi ya miezi mitatu, hushukiwa ugonjwa sugu, ambao mara nyingi hutokana na kisukari au shinikizo la damu.

Hata hivyo, si kila ongezeko ni ugonjwa. Kula nyama nyingi iliyopikwa huipandisha kwa muda. Dawa ya kotrimoksazoli huizuia mirija kumwaga kreatinini, hivyo kipimo hupanda ingawa vichujio havijaguswa. Kwa hiyo daktari huuliza kuhusu dawa na mlo, hurudia kipimo, na hulinganisha majibu mapya na karatasi ya zamani ya mgonjwa huyohuyo.