Bloodborne Bado Inakwama: PS5 Inazifanyia Nini Gemu za PS4

Swali hili huulizwa karibu kila mtu anapofikiria kuuza PS4 yake ili anunue PS5: zile gemu alizonazo, za diski na za kupakua, zitaonekana nzuri zaidi kwenye mashine mpya, au zitacheza vilevile? Muuza duka atajibu haraka kwamba PS5 ina nguvu zaidi, basi kila kitu kitakuwa bora. Sehemu ya kwanza ni kweli tupu. Hilo "basi" ndilo lenye matatizo.

PS5 ilitoka Novemba 2020. Sony ilieleza kwamba kati ya gemu zaidi ya 4,000 za PS4, zaidi ya asilimia 99 zingecheza humo. Ahadi hiyo ilitimia: zisizocheza ni chache mno na nyingi ni gemu ambazo watu hawakuzijua hata zilipokuwa mpya. Lakini kucheza ni jambo moja, kucheza vizuri zaidi ni jambo jingine. Njia nyepesi ya kuona tofauti ni kuchukua studio moja, FromSoftware ya Japani, na kutazama gemu zake nne zikipita kwenye mashine ileile. Kila moja inatoa jibu lake.

Tuanze na Bloodborne ya mwaka 2015, ambayo wengi huihesabu kuwa gemu bora kabisa ya PS4. Kwenye PS4 ilionyesha picha 30 kwa sekunde, katika kiwango cha 1080p. Kwenye PS5, yenye uwezo wa kuchora picha mara tano na zaidi ya PS4 ya kwanza, inaonyesha picha 30 kwa sekunde, katika kiwango cha 1080p. Haijaongezeka hata moja.

Sababu ni kwamba kikomo hicho hakikutoka kwenye mashine. Waandishi wa gemu ndio walioamuru isivuke 30. Ni sawa na basi lililofungwa kidhibiti mwendo: ukilitoa injini ukaweka kubwa zaidi, barabarani litaishia palepale, labda litapanda mlima bila kukoroma. PS5 inasoma maagizo ya gemu kama yalivyoandikwa na kuyatekeleza. Haina ruhusa ya kuyabadilisha.

Bloodborne ina kasoro nyingine ambayo mashine mpya haikuiponya. Gemu ya picha 30 kwa sekunde inapaswa kubadilisha picha kila baada ya milisekunde 33 hivi. Bloodborne haishiki mdundo huo: picha moja hukaa milisekunde 16, inayofuata 50, kisha 33, kisha tena 16. Ukihesabu kwa sekunde nzima unapata 30 zako kamili, lakini jicho linahisi mikwaruzo. Mchezaji akizungusha kamera polepole kwenye mitaa ya Yharnam, kuta zinaonekana kusogea kwa vishindo vidogo. Jaribio hilo la kuzungusha kamera ndilo rahisi kuliko yote, na kwenye PS5 matokeo yake ni yaleyale ya PS4.

Hapo hapo, kuna kilichoboreka. Wakati wa kusubiri baada ya kufa, na katika Bloodborne mtu hufa sana, umepungua mno. Hadi diski ya PS4 husoma data kiasi cha megabaiti 50 hadi 100 kwa sekunde. SSD ya PS5 inasoma 5,500. Gemu ya zamani haipati kasi hiyo yote kwa sababu haikuandikwa ikiitegemea, lakini hata sehemu yake tu inatosha kumwondolea mchezaji kero. Na feni, ambayo kwenye PS4 Pro ilijulikana kwa kelele, haisikiki sana.

Sasa Dark Souls III, iliyotoka mwaka 2016. Gemu hii ilipata sasisho la PS4 Pro lililoondoa kikomo cha 30 na kuiruhusu ipande hadi 60. PS4 Pro haikuwa na misuli ya kufika huko. Picha zilipanda na kushuka bila utulivu. Baadaye ikaja PS5. Bila sasisho lolote jipya, bila mtu kugusa mstari mmoja wa programu, gemu ikatulia kwenye 60. Sekiro ya mwaka 2019 ina hadithi hiyohiyo: kwenye PS4 ilihangaika chini ya 60 iliyokuwa ikiitafuta, kwenye PS5 inaipata na kuishikilia.

Kwa hiyo gemu mbili zilizotofautiana mwaka mmoja tu, za studio moja, zinapishana kabisa kwenye mashine moja. Tofauti yote iko kwenye kikomo: moja iliandikwa "usivuke hapa", nyingine "nenda mpaka utakapofika". Sony hulipa ongezeko hili jina la Game Boost, na jina hilo limewafanya wengi waamini kwamba PS5 inaongeza kitu ndani ya gemu. Hakuna kinachoongezwa, kilichopo ni nafasi ya kukimbia iliyokuwa imebanwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini Sony haikufungua vikomo vyote kwa nguvu. Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS5, alieleza Machi 2020 kwamba ongezeko la kasi ni kubwa kiasi cha baadhi ya gemu kushindwa kulihimili, ndiyo maana zilibidi zijaribiwe moja moja. Hata muundo wa chipu unaonyesha tahadhari hiyo. Sehemu ya michoro ya PS5 ina vitengo 36 vya kukokotoa, idadi ileile ya PS4 Pro, ila vinakwenda kasi zaidi ya maradufu. Gemu ya zamani inayouliza iko kwenye mashine gani hujibiwa kana kwamba iko nyumbani.

Hatari ya kulazimisha kasi si ya kubuni. Dark Souls II ilipotoka kwenye kompyuta mwaka 2014 ikienda picha 60 badala ya 30, wachezaji waligundua kuwa silaha zao zinachakaa upesi kuliko kawaida. Hesabu ya uchakavu ilikuwa imefungamanishwa na idadi ya picha. Picha zilipoongezeka mara mbili, panga lililogusa mwili wa adui nalo likahesabiwa uchakavu zaidi.

Microsoft ilichukua njia nyingine. Mwaka 2021 ilianzisha FPS Boost kwenye Xbox Series X na Series S, ambapo mfumo wenyewe unaongeza picha kwa gemu zilizochaguliwa na kujaribiwa, bila studio kuandika upya. Hapo Xbox iliishinda Sony, tuseme ukweli. Lakini hata huko kulikuwa na gharama: Fallout 4 kwenye Series X ilipopewa picha 60 kwa njia hiyo ilishushwa hadi 1080p.

Gemu ya nne inageuza swali kichwa chini. Elden Ring ilitoka Februari 2022 katika matoleo mawili, la PS4 na la PS5. Mwenye PS5 angetarajia toleo la PS5 liwe bora kwa kila namna. Kwa uzuri wa mandhari, ndiyo: majani ni mengi zaidi na picha imekolea. Kwa utulivu wa mwendo, hapana. Toleo la PS5 huyumba chini ya 60, hasa kwenye mbuga za wazi. Toleo la PS4 likiwekwa kwenye PS5 hukaa kwenye 60 karibu muda wote, kwa sababu linabeba mzigo mdogo kwenye mashine kubwa. Wapo wachezaji wenye PS5 walioliacha toleo lao kwa makusudi wakacheza la zamani, na kwa gemu ambayo kukwepa pigo hutegemea sehemu ndogo ya sekunde, uamuzi wao una mantiki. Anayefuata njia hiyo ajue jambo moja: kumbukumbu ya mchezo inaweza kuhamishwa kutoka toleo la PS4 kwenda la PS5, lakini hairudi.

Kwenye mabanda ya gemu ya Dar es Salaam au Nairobi mambo ni mepesi zaidi, maana huko mpira ndio unaotawala. FIFA za PS4 zilikuwa tayari zinakwenda picha 60 kwa sekunde. Ukiweka diski ya FIFA 22 ya PS4 kwenye PS5, mechi itapakia upesi, ila uwanjani mchezo utakuwa uleule. Mfumo wa HyperMotion, uliotangazwa sana mwaka huo kwa kuboresha mikimbio ya wachezaji, haukuwekwa kwenye toleo la PS4, na mwenye toleo la kawaida la PS4 hakupewa la PS5 bure. Mwenye banda aliyenunua mashine mpya akabaki na diski za zamani amelipia kasi ya kupakia na ukimya wa feni, basi.

Hali hubadilika kabisa studio ikirudi na kuandika sasisho. God of War ya mwaka 2018 kwenye PS4 Pro ilimtaka mchezaji achague: picha kali za 4K kwa 30, au 1080p yenye mwendo zaidi. Sasisho la Februari 2021 liliondoa kuchagua huko kwenye PS5. Vyote viwili vinapatikana pamoja, 4K na 60. Ghost of Tsushima na Days Gone nazo ziliwekwa tayari kwa 60. Hizi ndizo gemu zinazostahili kutumiwa kumwonyesha mgeni tofauti ya mashine mbili, na ndizo matangazo yanazozipenda.

Kinyume cha sasisho nacho kipo, na ni kichekesho kidogo. The Last Guardian ya mwaka 2016 ilichapwa kwenye diski bila kikomo cha picha; sasisho lililofuata ndilo lililoiwekea 30. Mwenye diski akiiweka kwenye PS5 bila kuruhusu sasisho anapata picha 60 zilizotulia. Aliyeinunua kwa kupakua anapata toleo lililosasishwa, na 30 zake.

Kwa anayetaka kuamua, basi, asiulize nguvu ya mashine. Aulize gemu zake. Aandike tano anazocheza zaidi, kisha atafute kwa kila moja kama ilipata sasisho la PS5, au kama kwenye PS4 ilikuwa ikipanda na kushuka bila kikomo. Zikiwa hivyo, atafurahi. Zikiwa zimefungwa kwenye 30 na studio imeshazisahau, atafaidi muda wa kusubiri tu. Akishanunua, aangalie alama iliyo kando ya jina la gemu kwenye skrini ya mwanzo: ikisomeka PS4, anacheza toleo la zamani, hata kama analo haki ya jipya. Na kama gemu zake nyingi ni za diski, asishawishiwe na bei ndogo ya PS5 Digital Edition ya kwanza. Haina pa kuingizia diski, na hapo hata Bloodborne ya kukwamakwama hataiona.